Umehamia faiba mpya, PS5 inasema NAT Type 3 na seva haifikiki

Msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimehamia kampuni nyingine ya faiba. Spidi iko juu, lakini PS5 inaleta NAT Type 3, siwasikii wenzangu tukiwa kwenye gemu, na seva yangu ya Minecraft naingia mimi tu. Nimefungua poti zote, wapi."

Ndugu yangu, kufungua poti ni hatua ya mwisho, na watu wengi huanza nayo. Kwanza jua umepewa anwani gani. Ingia kwenye ukurasa wa modemu mpya (nyingi za Huawei hufunguka kwa 192.168.100.1) na uandike anwani ya WAN. Kisha kwenye kompyuta iliyounganishwa hapo hapo andika:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Zikifanana, una anwani yako mwenyewe na kazi iliyobaki ni ya nyumbani. Anwani ya WAN ikianza na 100.64 hadi 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mpango huo unaitwa CGNAT, na hapo hata ufungue poti elfu hakuna kitakachoingia, kwa sababu mlango wa nje kabisa uko kwao. Kampuni nyingine hutumia anwani za 10 kwa kazi hiyo hiyo. Intaneti ya nyumbani ya 4G na 5G mara nyingi iko hivyo, na Starlink ya kawaida ya nyumbani pia. PS5 inaweza kupata NAT Type 2 hata humo, maana yenyewe ndiyo inayoanza mawasiliano. Seva ndiyo inayoumia, kwani inasubiri kugongewa hodi. Piga huduma kwa wateja, omba anwani ya umma ya IPv4 na uulize bei yake kwa mwezi. Wasipokuwa nayo, kodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani ya umma, uiunganishe na ya nyumbani kwa handaki la WireGuard, wachezaji wapitie huko.

Msomaji wetu hakuwa na shida hiyo. Modemu yake ilikuwa na anwani ya umma, ila alikuwa amechomeka ruta yake ya zamani nyuma yake. Ruta ilipewa 192.168.100.5 na modemu, nayo ikawa inagawa 192.168.1 kwa vifaa vyake. Ni NAT mbili, yaani tafsiri mbili za anwani mfululizo, na poti alizofungua kwenye ruta ziliishia pale pale, modemu haina habari nazo. Suala hili ndilo huleta Type 3 kwa wengi waliohama.

Dawa yake ni kubakiza kifaa kimoja tu kinachogawa anwani. Kwenye ruta ya zamani zima DHCP, ipe anwani isiyogongana na kitu kingine, mfano 192.168.100.2, kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN uuweke kwenye tundu la LAN. Sasa inasambaza Wi-Fi tu. Kwenye modemu washa UPnP ili PS5 ijifungulie poti yenyewe, zima PS5 kabisa na uiwashe, halafu jaribu tena mtandao. Ikisoma Type 2, iache. Type 1 huitafuti.

Sasa seva. Kompyuta iliyowekewa anwani ya kudumu 192.168.1.50 haitapata intaneti kwenye mtandao mpya. Irudishe ipokee anwani yenyewe, kisha kwenye modemu itengee 192.168.100.50 isibadilike. Fungua `server.properties`: kama mstari wa `server-ip=` una anwani ya zamani, seva itagoma kuwaka na kuandika `FAILED TO BIND TO PORT`. Acha mstari huo wazi. Ndipo uelekeze poti 25565 ya TCP kwenda 192.168.100.50. Toleo la Bedrock hutumia 19132, na hiyo ni UDP. Ukichagua TCP utasubiri sana.

Kuna mtego wa Windows ambao haupo kwenye modemu kabisa. Ukibadilisha ruta, Windows huona mtandao mgeni na mara nyingi huuweka `Public`. Kama Java uliiruhusu kwa `Private` pekee, ukuta wa moto unaifungia nje kimya kimya. Badilisha mtandao wa nyumbani uwe `Private`.

Usijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi yako. Modemu nyingi haziwezi kukurudisha ndani kupitia anwani yako ya umma, utadhani seva imekufa kumbe iko hai. Iunganishe kompyuta nyingine kwa bando la simu ujaribu kutoka nje. Wenzako nao wape anwani mpya, au kama unatumia jina la DuckDNS, hakikisha linaelekea kwenye anwani ile ile uliyoonyeshwa na `curl`.