Kuchora na kusoma grafu ya tabianchi: mfano wa Dar es Salaam

Grafu ya tabianchi huonyesha mvua ya kila mwezi kwa nguzo na joto kwa mstari. Nyingi huharibikia kwenye skeli, kabla hata nguzo ya kwanza haijachorwa. Tuchukue Dar es Salaam, kwa wastani wa miaka ya 1971 hadi 2000. Aprili hupata mvua ya milimita 254, Septemba 23 tu. Joto la wastani huwa karibu nyuzi 28 Februari, likashuka hadi karibu 24 Julai.

Mhimili wa chini upe kila mwezi sentimita 1. Wa kushoto ni wa mvua: sentimita 1 kwa milimita 25, kwa hiyo sentimita 12 zinafika 300 na Aprili inaenea. Wa kulia ni wa joto, wenye kimo kilekile: sentimita 2 kwa nyuzi 5, kuanzia sifuri hadi 30. Usianzie 20 ili mstari upinde vizuri; tofauti ya nyuzi 4 itaonekana kama mlima, na msomaji atadhani Dar ina baridi kali.

Nukta ya joto huwekwa katikati ya upana wa nguzo, kwa sababu ni wastani wa mwezi mzima. Ukiiweka kwenye mpaka wa miezi miwili, mstari wote unasogea nusu mwezi. Unganisha nukta kwa mkono mwepesi, anzia katikati ya Januari na uishie katikati ya Desemba, bila kuuvuta mstari hadi kwenye mihimili. Nguzo zipake rangi hafifu, maana mstari utapita juu ya baadhi yake.

Katika kusoma, anza na joto. Kilele Februari na bonde Julai vinakuambia mahali hapa pako kusini mwa ikweta. Kisha mvua: Machi hadi Mei ni milimita 590 kati ya 1,150 za mwaka, yaani zaidi ya nusu. Hiyo ni masika. Oktoba hadi Desemba ni vuli, milimita 313. Andika miezi na kiasi. "Mvua ni nyingi" si jibu.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mstari unapokata nguzo, kuna jambo limetokea. Kwa skeli hizi hakuna, kwani ukibadilisha skeli moja makutano yanahama. Makutano hupata maana pale tu nyuzi 10 zinapolingana na milimita 20: mwezi ambao mvua yake iko chini ya mstari huhesabiwa kuwa mkavu. Huhitaji kuchora upya. Zidisha joto mara mbili. Juni ina milimita 43 na joto karibu nyuzi 24, yaani 43 dhidi ya 48, basi ni mkavu, na ukame huo unaendelea hadi Septemba. Februari ina 55 dhidi ya 56: iko mpakani, na ndivyo inavyopaswa kuelezwa.