Kabla Hujakubali Darasa, Omba Karatasi za Mtihani

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Kisauni. Amerudi kutoka Maskati na mwanawe, aliyemaliza Mwaka wa 5 mwezi wa saba katika shule ya mtaala wa Uingereza. Shule ya huku ikamfanyia intavyu, ikampa Gredi ya 3. "Dada, mtoto anashushwa madarasa mawili. Nikubali?"

Niliusoma mara tatu, moyo ukanirudi miaka miwili nyuma.

Sisi tulihama kutoka Tanga. Binti yangu alikuwa amemaliza Darasa la 5 katika shule ya serikali, ambako hisabati, sayansi na kila kitu isipokuwa somo la Kiingereza alikisoma kwa Kiswahili. Tulivuka Horohoro mwezi wa kumi na mbili, na Januari nikawa nimekaa kwenye benchi la shule moja hapa Mombasa, nina hakika kabisa kwamba anaingia Gredi ya 6. Alikuwa wa tatu darasani mwake. Alifanya karatasi mbili, Kiingereza na hesabu, zote zimetungwa kutokana na kazi ya Gredi ya 5. Ndivyo shule nyingi hufanya: mtoto hupimwa kwa darasa analodai amelimaliza, halafu alama ndizo humpangia pa kukaa.

Saa saba mchana mwalimu akaniita. "Mama, mtoto ataanza Gredi ya 4." Akanionyesha wastani: asilimia 42. Kanuni yao ilikuwa wazi. Asilimia 60 kwenda juu, mtoto hupata darasa aliloomba. Kati ya 50 na 59, hushuka darasa moja. Chini ya 50, hushuka mawili. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisikia yote. Tuliposhuka feri ya Likoni alikuwa bado hajasema neno.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikarudi, nikaomba kitu kimoja tu: niione karatasi yenyewe. Mwalimu alisita, kisha akaitoa.

Hesabu ilikuwa na maswali 30. Kumi na manne yalikuwa ya tarakimu tupu, kujumlisha, kugawanya, sehemu, desimali. Alipata 13. Mengine 16 yalikuwa ya maelezo kwa Kiingereza. Alipata 3. Jumla 16 kati ya 30, yaani asilimia 53. Kiingereza alipata 31. Changanya ugawe kwa mbili, ndiyo hiyo 42. Wastani ule ulificha kila kitu. Karatasi ilisema kwamba mtoto huyu anajua hesabu na hajui Kiingereza, lakini wastani ulisema tu kwamba hajui.

Swali moja ninalikumbuka hadi leo. Kwa Kiswahili lilikuwa hivi: mchuuzi alinunua trei 15 za mayai kwa shilingi 360 kila trei, trei moja ina mayai 30, akauza kila yai kwa shilingi 15, alipata faida gani? Binti yangu alikuwa ameandika 15 × 360 = 5,400, kisha akaacha. Aliziona namba mbili za mwanzo, akazizidisha, akakwama kwenye maneno. Jioni nilimsomea lilelile tukiwa jikoni. Akajibu kabla sijamaliza kukata vitunguu: mayai 450, mauzo 6,750, toa 5,400, faida 1,350. Kuna swali jingine lililotaka kile ambacho Tanga walimfundisha kwa jina la kigawe kidogo cha shirika, KDS. Kwenye karatasi jina na ufupisho wake vilikuwa vya Kiingereza. Hakuwahi kuviona maishani mwake. Angewezaje kujua kwamba ni rafiki yake yuleyule?

Nikamrudia mwalimu mkuu. Sikugomba, ingawa nilitaka. Nilimwomba mwalimu wa Kiswahili amsomee yale maswali 16, na mtoto ajibu mwenyewe bila kusaidiwa. Akapata 12. Manne aliyokosa tuliyatazama pamoja na mwalimu: mawili alikosea kweli, mawili yalikuwa ya mada ambayo Tanga walikuwa hawajaifikia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jibu baya lina sababu tatu tofauti: hajaelewa lugha, hajafundishwa, au hajui. Ni hiyo ya tatu pekee inayostahili kumrudisha mtoto nyuma. Ya pili hufidiwa kwa wiki chache. Ya kwanza huhitaji masomo ya Kiingereza, na Gredi ya 4 haimpi hayo, kwa sababu kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, mwalimu akidhani mtoto ameshakizoea.

Sasa hesabu ilikuwa 25 kati ya 30, asilimia 83. Ukiweka na ile 31 ya Kiingereza, wastani ni 57. Gredi ya 5.

Nilitaka Gredi ya 6 na bado naumia kidogo nikikumbuka. Lakini mwalimu mkuu alinieleza jambo nililolikubali. Gredi ya 6 ina mtihani wa KPSEA mwisho wa mwaka, na ukitoa karatasi ya Kiswahili, mengine yote ni kwa Kiingereza. Isitoshe, alama za tathmini za shuleni za Gredi ya 4 na ya 5 huhesabiwa pamoja nao, na mtoto wa kutoka nje hana hizo. Kwa hiyo, mzazi, ukipewa darasa, uliza pia jinsi mtoto atakavyosajiliwa KNEC na lini atapata namba yake ya tathmini. Usingoje hadi mwaka wa mtihani ufike.

Mama wa Kisauni, sasa wewe. Kwanza, Mwaka wa 5 wa Uingereza si Gredi ya 5. Ni watoto wa miaka tisa hadi kumi, na hapa hao huwa Gredi ya 4. Mwaka wao huanza Septemba na wetu Januari, hivyo aliyemaliza mwezi wa saba huwakuta wenzake hapa wakiingia muhula wa tatu wa Gredi ya 4. Basi umeshushwa darasa moja, si mawili. Hilo moja ndilo la kuuliza.

Pili, omba karatasi. Tafadhali omba karatasi. Kwa mwanao kikwazo huenda si Kiingereza, huenda ni Kiswahili, na kama shule imeweka karatasi ya Kiswahili ndani ya wastani, basi ni hadithi yangu imegeuzwa tu.

Tatu, kama shule ya Maskati ilimfanyisha CAT4, jaribio la kupima uwezo wa kufikiri, itafute ripoti yake. Ina sehemu nne, na kila moja wastani wake ni 100. Moja hupima maneno, nyingine namba, nyingine maumbo yasiyohitaji kusoma chochote, na ya mwisho kuligeuza umbo akilini. Ukiona maneno 82 na maumbo 112, akili ipo, lugha ndiyo inayochelewa. Lakini zikiwa zote nne chini, mama, usipigane na shule. Mpe mtoto huo mwaka.

Wazazi tunaona aibu kuuliza. Tunaogopa kuonekana wabishi, tunasaini fomu, tunalipa, halafu mtoto wa miaka kumi na mmoja anakaa na wa miaka tisa akifundishwa kugawanya upya. Mimi nilikuwa karibu kusaini. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Binti yangu yuko Gredi ya 6 sasa. Ijumaa alileta ripoti: hesabu, kuzidisha matarajio, Kiingereza, kufikisha matarajio. Lile swali la mayai amelinakili mwenyewe kwa Kiingereza, liko ukurasa wa kwanza wa daftari lake.