"Njooni upimwe" au "lete kitambaa"? Maneno ya kumwita mteja kwenye tangazo la fundi

*Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, nashona suti, magauni na sare za harusi. Mdogo wangu kanitengenezea tangazo la kuposti, chini ya picha kaandika hivi: "Shona nguo yako nasi kabla ya msimu haujaanza! Usisite kuwasiliana nasi. Tupigia au njooni upimwe. Wahi mapema, nafasi ni chache!" Watu wanalaiki tu, hawaji. Je hayo maneno ya kumwita mteja yako sawa? Na ni shona au shonesha?*

Marahaba dada fundi. Niseme ukweli hapo kuna makosa ya sarufi mawili matatu ila kinachokukosesha wateja zaidi ni kwamba mtu akimaliza kusoma hajui afanye nini kwanza, apige, aje, awasiliane, awahi, vyote vimemwagwa kwa pamoja.

Tuanze na hiyo "njooni upimwe". Njooni ni wengi, upimwe ni mmoja, sasa unaongea na nani? Chagua mmoja ubaki naye mpaka mwisho. Mimi ningechagua mmoja, kwa sababu mtu anasoma tangazo akiwa peke yake na simu yake, ukimwambia "njoo" anajua ni yeye. Kuna watu wanaona "njoo" ni kali kidogo kwa mtu mzima, na kweli ukimwambia mama mkwe wa watu "njoo" uso kwa uso haipendezi, lakini unailainisha kirahisi tu kwa "karibu", mradi karibu hiyo uipe kazi: "karibu ulete kitambaa". "Karibuni sana" peke yake ni salamu, haimtoi mtu nyumbani.

Alafu "upimwe" yenyewe. Watu wameshasikia matangazo ya "njoo upime" miaka na miaka, na ni ya afya, kwaiyo ukiiandika hivyo bila kutaja nguo mtu wa kwanza anayemjia akilini ni nesi. Neno lenyewe halina kosa, mafundi wote tunasikia wanasema "njoo nikupime", ila liweke karibu na kitambaa: "lete kitambaa tukupime". Hapo hakuna wa kuchanganya. Na ni lete, sio leta, hicho kitenzi na njoo havifuati wenzao kwenye kuamuru, ingawa mtaani "leta" utaisikia sana.

"Tupigia" ni kosa kabisa, lirekebishe hata kama mengine utayaacha. Kitenzi chetu cha kibantu kikiwa peke yake kwenye amri kinaishia na a: piga, shona, chagua. Ukishakiongezea anayetendewa, yaani ni, tu, m, wa au ji, mwisho wake unageuka e: tupigie, nishonee, mwambie, jipatie. Ndo maana hata ile "jipatia suti kali" inayoandikwa kwenye matangazo mengi haiko sawa, ni jipatie. Vitenzi vilivyotoka kiarabu havibadiliki, tunasema "tujibu" na "tusubiri" basi. Ukiwa na wengi unaongeza ni: tupigieni.

Sasa shona na shonesha. Huku kwetu mtu anasema "nimeshona dira kwa fundi fulani" wakati cherehani hajaigusa, na kila mtu anaelewa, kwaiyo siwezi kukwambia "shona nasi" ni kosa. Shonesha ndo sahihi zaidi kwa anayepeleka kwa fundi. Shida ya "shona nguo yako nasi" kwenye tangazo ni nyingine: inaweza kusomwa kama unafundisha kushona, na matangazo ya mafunzo ya cherehani yapo mengi tu. Ila hata shonesha nisingeitumia, ningetumia "tukushonee", kwa sababu hapo kazi inarudi kwako wewe fundi na mteja anabaki na kitu kimoja chepesi cha kufanya. "Lete kitambaa, tukushonee." Yeye analeta, wewe unashona. Hiyo sauti ya mwisho wa e inaunganisha vitendo viwili bila hata kuhitaji "ili".

"Kabla ya msimu haujaanza" mdogo wako kachanganya sentensi mbili. Ama "kabla ya msimu kuanza", ama "kabla msimu haujaanza" bila ya. Ukiweka ya, kinachofuata ni jina au kitenzi cha ku.

Lakini hapohapo kwenye msimu ndo napoona tatizo kubwa zaidi. Ukisema msimu tu hapa Mtwara, au Lindi, mtu wa Tandahimba, Newala au Nachingwea anasikia korosho. Minada kwa kawaida inaanza Oktoba, hela ikishaingia ndo harusi zinafuatana. Kwaiyo "kabla msimu haujaanza" kwa masikio ya mteja wako ni kumwambia aje wakati hana kitu mfukoni! Taja harusi kwa jina lake na mwezi wake, na kama unakubali kianzio, sema, maana ndicho kinachomruhusu kuleta kitambaa kabla malipo ya mwisho ya korosho hayajatoka.

"Usisite kuwasiliana nasi" toa. Ni maneno ya barua za ofisini, na wasiliana haimwambii mtu apige au atume meseji. "Wahi mapema" nayo toa mapema, kuwahi ndo kufika mapema. Na "nafasi ni chache" kila mtu anaandika, haiaminiki tena. Weka tarehe. Kama unajua suti na kufiti na kurekebisha vinakuchukua wiki tatu, na harusi za kwanza ni mwanzoni mwa Desemba, basi mwisho wa oda ni karibu Novemba 10, iandike hivyo hivyo.

Mimi ningeiandika hivi:

*Una harusi Desemba? Lete kitambaa chako, tukupime na tukushonee. Oda za Desemba tunapokea mpaka Novemba 10. Unalipa nusu ukileta kitambaa, nusu siku ya kuchukua nguo. Tupigie, au tutumie picha ya mshono kwa Watsap, namba ni hii hapa chini.*

Ona vitendo viko vichache na vina mpangilio: anayeweza kuja analeta, aliye mbali anapiga au anatuma picha. Tarehe na hela nimeweka mimi kama mfano, wewe zibadilishe, usiandike nusu kama wewe unachukua robo.

Kwa sare za ukoo au kamati posti nyingine tofauti, hapo ndo wengi wanapofaa, na ubadilishe vyote sio kimoja: *Mna harusi Desemba? Leteni kitambaa, tuwapime wote siku moja, tuwashonee sare. Tupigieni mtupe idadi yenu.* Hiyo "idadi yenu" usiiache, anayesoma tangazo la sare mara nyingi ni mwenyekiti au mweka hazina wa kamati, na yeye ndo anayo hesabu ya watu.