Miguu Iliyofura Haitaki Wembe

*Asalaam aleikum daktari. Mamangu ana miaka 62, tuko Langoni, Lamu. Miezi miwili sasa ameongezewa dawa ya presha, amlodipini, kutoka miligramu 5 hadi 10. Tangu hapo miguu yote miwili hufura, jioni ndiyo zaidi, asubuhi hupungua. Jirani amempa vidonge vya kukojoa, na mwengine asema ni maji machafu, aumikwe yatoke. Je, apunguze kunywa maji?*

Wa aleikum salaam, dada. Maji anywe kama kawaida. Vidonge vya jirani virudishwe, na huyo wa kuumika asimguse miguu.

Hayo "maji machafu" nayasikia kila wiki, na yanachosha. Maji yaliyo kwenye miguu ya mamako yametoka kwenye damu yake mwenyewe, yakachujwa katika kapilari, vile vishipa vyembamba kabisa ambako damu huzipa nyama za mwili chakula na hewa. Kila mtu huvujisha maji hayo mchana kutwa, mimi na wewe pia. La kuuliza ni kwa nini ya mamako hayarudi.

Ndani ya kapilari kuna nguvu mbili zinazoshindana. Msukumo wa damu huyatoa maji nje. Protini ya damu, hasa albumini, haipiti kirahisi kwenye ukuta wa mshipa, kwa hivyo hubaki ndani na kuyavuta maji yarudi. Kwa hesabu ya vitabuni, damu inapoingia msukumo ni kama 35 kwa kipimo kile kile cha presha, na mvuto wa protini ni kama 25, basi maji hutoka kwa nguvu ya 10. Damu inapotokea upande wa vena, mishipa inayoirudisha moyoni, msukumo umeshuka hadi 15 na mvuto ni ule ule 25, basi mengi hurudi. Yanayosalia hubebwa na mishipa ya limfu, inayoyarudisha kwenye damu.

Amlodipini hulegeza vishipa vya ateri vinavyoingiza damu kwenye kapilari. Ndivyo inavyoshusha presha ya mkononi. Lakini vena za kutolea damu haizilegezi kwa kiasi hicho. Ni kama birika la msikiti lililofunguliwa mfereji wa kuingiza huku tundu la kutolea likibaki lile lile. Tuseme, kwa mfano tu, 35 imekuwa 42 na 15 imekuwa 20. Sasa yanatoka kwa nguvu ya 17 na kurudi kwa 5. Akishinda amesimama jikoni, uzito wa damu iliyojaa kwenye vena za miguu huongeza msukumo huo, na limfu hulemewa. Akilala usiku uzito huo huondoka, ndiyo maana asubuhi huwa nafuu.

Sasa tazama kidonge cha kukojoa kinafanya nini hapo. Hupunguza maji na chumvi mwilini kupitia figo, lakini vishipa vilivyolegea hubaki vimelegea. Uvimbe hupungua kidogo au haupungui, na mama hupata kizunguzungu akiinuka, misuli humkaza kwa kupungukiwa na potasiamu, na kwa joto letu hili anaweza kuanguka.

Mrudishe kwa aliyemwandikia dawa. Mara nyingi dozi hurudishwa 5 na kuongezwa dawa kama losatani, ambayo hulegeza upande wa kutokea pia. Asiache dawa mwenyewe, maana presha iliyoachwa huleta kiharusi. Akikaa, ainue miguu; atembee; apunguze ng'onda, kwa sababu chumvi ndiyo huyazuia maji mwilini.

Na kabla hamjakubali kwamba ni dawa, apimwe mkojo kwa kijiti. Uso unaofura asubuhi na mkojo wenye povu ni dalili za figo kuvujisha albumini. Hapo msukumo waweza kuwa sawa kabisa, ila mvuto umepungua. Anayepumua kwa shida akilala chali, moyo wake ndio wa kuangaliwa. Matende, yanayojulikana pwani yetu, huharibu limfu yenyewe. Kwa jicho yote ni miguu iliyofura, na bado kuna maduka yanayouza kidonge kimoja kwa wote bila hata kuomba kopo la mkojo.

Wenye wembe wa kuumika ndio wabaya zaidi. Ngozi iliyovutika kwa maji haiponi upesi. Ikichanjwa hutiririka kwa siku kadhaa na vijidudu huingia. Mwenye kisukari anaweza kupoteza mguu kwa chale hizo, na maji yatajaa tena kwa sababu msukumo haujaguswa.

Ukiona mguu mmoja tu umefura ghafla, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usiukande wala usiupake mafuta. Huenda ni damu iliyoganda kwenye vena, na kipande chake kinaweza kukatika kikaziba pafu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa boti ya usiku.