Sangara wa sentimita 66 kwenye printa ya bedi ya 22: pini na mwanya wa gundi

Nyie mnaoanza kuprint vitu vikubwa kwa printa ya 3D, acheni kwanza kuulizana gundi gani ni kali, swali la kwanza ni pini zako za kuunganisha vipande umeziachia mwanya kiasi gani. Tuchukue kazi ambayo hapa Mwanza lazima utaletewa tu: muuza samaki wa Kirumba anataka sangara wa kutundika nje ya duka, urefu milimita 660, kimo 200, unene 60 hivi. Bedi yako ni 220 kwa 220. Unamkata vipande vinne vya kama 165, kila kimoja kinasimama kwa uso wake uliokatwa na kinaenea bila shida, na hata umeme ukikatika usiku umepoteza kipande kimoja, sio samaki mzima.

Mistari ya kukata usiigawe sawasawa kama unakata mkate. Ule wa kwanza usogeze ukae nyuma tu ya kifuniko cha matamvua, pale samaki mwenyewe ana mstari wake, jicho la mteja halitauona.

Kwenye PrusaSlicer, programu ya kuandaa modeli kabla ya kuprint, unabonyeza `C` linafunguka dirisha la `Cut`, unaweka viunganishi, aina chagua `Dowel` na sio `Plug`. `Plug` inatoka imeota kwenye kipande chenyewe, yaani imesimama wima, leya zake zimepangana kama sahani na ukiikandamiza kidogo tu inakatika shingoni. `Dowel` inatoka peke yake, unailaza kwenye bedi, leya zinakwenda kwa urefu wake, hapo kuivunja ni kazi. Weka mbili kila kiungo, moja karibu na mgongo na moja tumboni, maana pini moja inazuia kipande kisiteleze ila haikizuii kuzunguka.

Sasa mwanya. Tundu likichorwa milimita 6 halitoki 6, plastiki ikizunguka kwenye duara dogo inavutika kwenda ndani na tundu linatoka dogo kuliko mchoro, kwa hiyo pini ya 6 mpe tundu la 6.3 au 6.4. Printa haziko sawa, ndo maana kabla ya kazi yenyewe unaprint kibonge cha majaribio chenye matundu ya 6.2, 6.3 na 6.4, na unakiprint kwa mkao uleule ambao tundu litakaa kwenye samaki, kwa sababu tundu lililolala linalegea kwa juu na vipimo vyake ni vingine kabisa. Unalotaka ni lile ambalo pini inaingia kwa kusukuma na kidole, haihitaji nyundo, na ukigeuza juu chini inadondoka taratibu au inang'ang'ania kidogo. Wengi wanapenda ibane kwelikweli, wanadhani ndo uimara. Pini kazi yake ni kuelekeza, anayeshika ni gundi kwenye nyuso. Pini iliyobana inaikwangua gundi yote na kuisukuma chini ya tundu, inakosa pa kwenda, na vipande vinakataa kukutana. Kwa hiyo hata kina kiachie nafasi: pini ya 20, kila tundu 10.5 au 11.

Na hilo la nyuso kukataa kukutana ndo linaharibu samaki. Piga hesabu: upande mmoja wa kiungo umebaki wazi 0.3 na ule mwingine umegusa, kwenye unene wa 60, mkia ulioko kama 495 mbele utapinda karibu milimita 2.5, na hicho ni kiungo kimoja. Mara nyingi chanzo ni leya ya kwanza iliyotapanyika pembeni, mguu wa tembo. Pitisha kidole ukingoni utasikia kijidomo, kiparue kwa kisu, au weka 0.2 kwenye `Elephant foot compensation` mapema. Halafu unganisha vikavu bila gundi, washa tochi ya simu kwa nyuma, penye mwanga ndipo pa kusugua na msasa.

Gundi yenyewe, hii kazi inakaa juani kwa hiyo plastiki ni PETG, PLA inalainika kwenye nyuzi 60 na kwenye ukuta wa bati itajikunja. Supaglu haiishiki PETG vizuri na haipendi mwanya, inataka nyuso zilizogusana kabisa. Tumia epoksi ya sehemu mbili, ile inayochelewa kukauka, ya dakika tano itakushika hujamaliza kunyoosha. Sugua nyuso kwa msasa wa 120, futa na spiriti, paka nyembamba na uishie milimita kama tatu kabla ya ukingo ili ikitandazwa isifurike kwenye magamba. Simamisha kiungo wima uzito wa kipande cha juu ukandamize, zungushia tepu ya mafundi rangi, na kiungo cha pili usikiguse mpaka hiki kikauke, ukibandika vyote vitatu kwa mpigo unajikuta umeshika samaki anayejikunja mikononi.