Kumaliza kwa mtu wa 5: ni binomia au binomia hasi?

"Nahoji wafanyabiashara Kariakoo, nusu hukubali. Nataka 3. Uwezekano wa kumaliza kwa mtu wa 5 si binomia tu?"

Hapana, ni binomia hasi, na jibu ni 6/32. Kuna aliyekujibu 10/32, lakini amepatia nusu tu ya jibu: hiyo ni nafasi ya kupata 3 kati ya 5 kwa mpangilio wowote, hata kama wa tatu alikubali mapema na ukaacha kuhoji. Kwako wa 5 lazima awe ndiye anayekubali, kwa hiyo wale 2 wa mwanzo unawapanga ndani ya watu 4 tu, njia 6.

Binomia inarudi ukiuliza "kumaliza kabla sijapita watu 5": hiyo ni sawa kabisa na kupata angalau 3 kati ya 5, yaani 16/32.

Kwenye R angalia, maana hunasa wengi: inahesabu waliokataa, si wote uliowahoji.

```
dnbinom(2, 3, 0.5)
```

Inatoa 0.1875. Ukiweka 5 badala ya 2, umeuliza kuhusu mtu wa 8.

Kaka anayeuliza habari ya duka moja kuiga jirani yake, hapo hesabu hii haishiki. Majibu yakitegemeana, sijui utumie nini bila kuona data.