Barua ya rambirambi baada ya kuona picha ya mzee kazini

"Rafiki yangu kafiwa na baba. Ameweka picha ya mzee akikalafati mtumbwi pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nataka kumwandikia barua, ila nikishaandika 'pole sana' nakwama. Niandike nini?"

Ndugu, anza na pole hiyohiyo, mstari mmoja, kisha ingia moja kwa moja kwenye picha. Andika unachokiona: nyundo, patasi, uzi wa pamba unaosukumwa kati ya mbao maji yasipenye. Kwa mfano:

"Nimeiona picha ya Mzee. Nimeangalia sana mkono wa kushoto ulioshika patasi, na ile pamba aliyoitundika begani. Sikuwahi kumwona kazini. Nilimjua wa nyumbani tu, akituuliza kama tumekula. Ukipata nguvu, nisimulie mtumbwi ule ulikuwa wa nani."

Usibuni. Kama uso hauonekani vizuri, usiseme alikuwa na furaha. Swali la mwisho liwe jepesi, asijione analazimika kujibu. Na kama mzee alifia ziwani, acha kabisa maneno ya mawimbi na safari. Baki kwenye mikono yake. Mchango wa msiba tuma kando, usiuchanganye na barua (watu wengi hukosea hapo).

Dua ifuate dini ya familia yake, siyo yako.

Akijibu kwamba haoni sababu ya kuishi, acha kuandika. Mfuate, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Bugando wana huduma ya afya ya akili.